Ruhusa ya Siku Kumi

Mwaka ule Febronia alikuwa ameacha kabisa kununua chumvi kwenye duka ambamo mumewe mwenyewe alikuwa akiiuza. Alipita mlangoni pake akiwa na kikapu mkononi, akaenda mpaka upande wa pili wa mji mdogo wa Geita, huko karibu na njia ya kambi ya mgodi, akanunua kwa Mwarabu mmoja mzee ambaye chumvi yake ilikuwa na mchanga. Akiulizwa na majirani husema Mwarabu anapima vizuri. Hakuna aliyemwamini, lakini hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Sababu ilikuwa na jina. Iliitwa Mama Bujiku.

Jina lake la kuzaliwa ni Limi. Alikuwa mjane wa marehemu Kamili, mtunza ghala wa mgodi, ambaye alipofariki alimwachia watoto wawili na duka la bati lenye baraza pana. Watu walidhani ataliuza arudi kwao Usukumani kulima. Yeye akafunga khanga kiunoni, akaingia nyuma ya kaunta, na baada ya miaka mitatu duka lilikuwa limejaa kuliko alivyoliacha mumewe: sabuni za mche, vitambaa vya marekani, majembe, mafuta ya taa, shanga, na suruali za kaki walizozipenda vijana wa mgodini. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tano hivi, mrefu, mwenye pengo dogo la meno ya mbele, na kicheko kilichosikika mpaka kwa fundi wa baiskeli. Januari, mume wa Febronia, ndiye aliyekuwa msaidizi wake wa pekee.

Wivu wa Febronia haukuanza siku moja. Ulianza kwa kicheko kile. Siku hiyo alikuwa akipita, akamsikia Mama Bujiku anacheka, na sauti ya Januari ikimfuata chini kwa chini, ikicheka pia. Nyumbani Januari hakuwa mtu wa kucheka. Alikula, akashukuru, akakaa mlangoni kuangalia barabara. Miaka mitano ya ndoa na mimba mbili zilizoharibika zilikuwa zimewafanya wote wawili kuwa watu wa kuongea kwa uangalifu, kama wagonjwa wanaotembea uani.

Kisha ikaja safari ya Kagongwa. Mwezi Februari Januari alisema Mama Bujiku amemtuma Kagongwa kutafuta mchele. Siku kumi. Aliporudi alikuwa amekonda, hana mchele wa kuonja hata kibaba, na mkononi ana khanga mpya, nyeusi yenye maua madogo ya kahawia.

"Mama Bujiku amekupa," alisema, akaiweka kitandani, akatoka.

Febronia aliitazama khanga ile kwa muda mrefu. Mwanamke hamtumii mke wa mfanyakazi wake khanga bure. Anayetuma khanga ni mtu anayetaka kuunyamazisha moyo wake mwenyewe. Aliikunja, akaitia chini kabisa ya sanduku, na hakuivaa.

Na baadaye kidogo, katika Kwaresima, walikutana uso kwa uso nje ya kanisa. Mama Bujiku alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia kwa sauti ya chini, "Pole sana, mdogo wangu. Ni kazi ya Mungu. Utazoea."

Utazoea! Febronia alirudi nyumbani bila kumjibu. Alielewa kwamba mjane yule anamhurumia kwa utasa wake, tena mbele ya watu, akiwa amekwisha mchukua mume. Tangu siku hiyo ndipo alipoanza kununua chumvi yenye mchanga.

*

Mwezi Juni ikafika barua kutoka Ushirombo. Mama yake Febronia, Philomena, alikuwa ameiandikisha kwa katekista: mdogo wake Justina anaolewa Jumamosi tarehe kumi na saba Julai, misheni, na mama anataka awaone wote, mkwe akiwa wa kwanza. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu Febronia aione nyumba ya kwao. Aliisoma barua mara tatu, akaiweka juu ya meza ili mumewe aikute.

"Omba ruhusa," alimwambia.

"Nitaomba."

Jumatatu aliuliza. Januari akasema dukani kulikuwa na watu wengi. Jumatano akasema mama mwenye duka alikuwa na homa. Jumamosi akasema, akiwa anavua viatu bila kumtazama, "Amekataa. Pamba inaanza kuuzwa, watu watakuwa na fedha, hawezi kubaki peke yake."

"Alisema hivyo? Kwa maneno hayo?"

"Kwa maneno gani tena?"

Febronia alimtazama mkono wake. Mumewe hakuwa mwongo hodari. Alipodanganya alikuwa akikuna shingo, na sasa alikuwa akikuna shingo. Basi hakuomba. Na mtu asiyetaka kuomba ruhusa ya siku kumi ni mtu asiyetaka kukaa siku kumi mbali na pale alipo. Usiku ule alilala ameugeukia ukuta, na asubuhi alikuwa amekata shauri.

Alikuwa amesomeshwa na masista wa Ushirombo mpaka darasa la nne, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa makarani wengi. Alinunua karatasi mbili zenye mistari, akakopa kalamu kwa mwalimu, na Jumanne jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa, alimketisha mumewe mezani.

"Tutaandika," alisema. "Neno la mdomo linapotea. Leo atasema amekataa, kesho atasema hakuombwa."

"Kwa nini kujisumbua? Duka si serikali."

"Ndiyo maana. Serikali ina mafaili. Duka lina kichwa cha mtu mmoja, naye anasahau anachotaka kusahau."

Febronia akaandika mahali na tarehe, akaandika jina la mwenye duka, kisha akasimama na kalamu.

"Sababu?"

"Andika nina shughuli."

"Shughuli gani? Hiyo si sababu, hicho ni kizibo. Mtu akikuandikia ana shughuli, wewe ungempa siku kumi?"

"Andika basi safari ya nyumbani. Usimtaje mama yako."

"Mama yangu ana nini asitajwe?"

Akakuna shingo. "Mambo ya familia yetu yanamhusu nini yule?"

Yule. Febronia alilisikia neno hilo likitoka laini mno. Akainama, akaandika neno kwa neno, huku akisoma kwa sauti:

*Geita, 29 Juni 1954.*

*Kwa Mama Limi, mjane wa marehemu Kamili, mwenye duka.*

*Mama, shikamoo. Kwa heshima naomba ruhusa ya siku kumi, kuanzia Jumatatu tarehe 12 Julai mpaka Jumatano tarehe 21 Julai 1954. Nitakuwa kazini Alhamisi tarehe 22 Julai asubuhi. Sababu ni harusi ya shemeji yangu Justina, itakayofungwa misheni ya Ushirombo Jumamosi tarehe 17. Mama mkwe wangu, Mama Philomena, ametuita mimi na mke wangu. Fundi Athanas wa hapo barazani amekubali kusimama mahali pangu. Nitamkabidhi funguo na vitu vya dukani mbele yako Jumamosi tarehe 10 jioni. Nakuomba uandike jibu lako chini ya karatasi hii, na nakala ya pili unirudishie. Ahsante sana, mama.*

*Mimi mtumishi wako, Januari Ndaki.*

"Umekwisha ongea na Athanas?" Januari aliuliza kwa mshangao.

"Asubuhi. Alifurahi. Cherehani yake ina ugonjwa wa sindano, anasema afadhali apime sukari."

Alinakili barua yote kwenye karatasi ya pili, akamsukumia mumewe kalamu. Januari alitia sahihi polepole, mara mbili, kama mtu anayekiri jambo barazani kwa mtemi. Akazikunja karatasi, akazitia katika mfuko wa koti.

Siku mbili baadaye Febronia alipolichukua koti kulianika, karatasi zilikuwa humo humo, zimelainika kwa jasho.

*

Hakuzirudisha mfukoni. Alioga, akavaa gauni lake la kanisani, akafunga kilemba, na saa tano asubuhi akavuka barabara kuelekea duka lile. Alikuwa amejipangia maneno. Atampa barua mkononi, atasimama hapo hapo mpaka apate jibu la wino, na atamtazama machoni ili mjane ajue kwamba mke wa mtu anajua.

Januari hakuwepo; alikuwa amekwenda na mkokoteni kuchukua debe za mafuta ya taa. Barazani Athanas alimpungia mkono, uzi ukiwa mdomoni. Ndani, Mama Bujiku alikuwa akimpimia bibi mmoja shanga, wanaongea Kisukuma. Bibi akamwita *mayu*, yaani mama, akalipa, akatoka.

"Shikamoo," alisema Febronia. Salamu ile ilimpita kooni kama mwiba wa samaki, lakini mwenye duka alikuwa mkubwa kwake, na masista hawakumlea ovyo.

"Marahaba, mdogo wangu! Leo umenikumbuka? Karibu, karibu ukae." Akamvutia kiti. Sauti yake ilikuwa changamfu bila kificho, na hilo lilimuudhi Febronia zaidi.

"Sikai. Nimeleta barua ya mume wangu. Naomba jibu."

Mama Bujiku alifuta mikono, akazikunjua karatasi juu ya kaunta. Alisoma kama wasomavyo watu waliojifunza wakiwa wakubwa, kidole kikitambaa chini ya kila neno, midomo ikichezacheza. Alitikisa kichwa kwa kukubali alipofika penye tarehe. Alitabasamu alipofika kwa Athanas. Kisha kidole kikarudi juu. Kikasimama. Akasoma tena, mara hii kwa sauti.

"Mama mkwe wangu, Mama Philomena, ametuita..." Akainua uso. "Huyu ni mama mwingine?"

"Mwingine vipi?"

"Mama mdogo wako labda? Aliyebaki mahali pa marehemu?"

"Marehemu gani? Mama yangu ni mmoja. Yuko Ushirombo, mzima, analima."

Mama Bujiku akainama chini ya kaunta, akatoa mkebe wa biskuti uliokuwa na karatasi za kila namna, akazipekua, akatoa kipande kilichochanwa kwenye mfuko wa sukari. Akakilaza kando ya barua.

Herufi zilikuwa kubwa, zimelala huku na huku. Febronia aliujua mwandiko ule kabla hajasoma neno.

*8 FEBRUARI. MAMA NAOMBA RUHUSA SIKU KUMI MAMA MKWE WANGU USHIROMBO AMEKUFA. JANUARI.*

"Hata hakuandika atarudi lini," alisema Mama Bujiku taratibu. "Nilihesabu mwenyewe. Nilimpa ruhusa siku hiyo hiyo. Nikasema, mtoto wa watu kafiwa na mama yake. Nikakata khanga nyeusi nikamwambia akupe wewe. Nilipokuona kanisani nikakupa pole. Hukunijibu, nikasema huzuni bado mbichi."

Febronia alishika ukingo wa kaunta. Ilikuwa kama mtu aliyebeba mzigo kichwani miezi minne, anautua, anakuta alichukua mzigo wa mwenzake.

"Aliniambia umemtuma Kagongwa," alisema. "Mchele."

"Mimi? Mchele naletewa hapa hapa mlangoni."

Wakatazamana. Mama Bujiku alikuwa na uso wa mtu aliyedanganywa, na Febronia aliuona uso huo, akajua kwamba ndiyo sura yake mwenyewe. Mjane yule hakuwa amemchukua mtu. Kwa kufumba na kufumbua wivu wa miezi yote ile ulikosa pa kukaa. Lakini haukufa. Ulisimama pale katikati ya duka, ukigeuza kichwa, ukitafuta jina jipya.

"Niliweka nia ya misa," Mama Bujiku alisema, na sasa sauti yake ilikuwa na hasira. "Kwa mtu aliye hai! Paroko alimtaja altareni."

"Mama, nisamehe."

"Wewe nikusamehe nini? Wewe ndiye uliyezikiwa mama." Akazikunja karatasi zote tatu pamoja. "Sikatai ruhusa, wala sitoi. Mwambie mumeo akae chini aniandikie Februari alikuwa wapi. Kwa mkono wake, si kwa mkono wako mzuri. Nikiisha kujua nimeajiri mtu wa namna gani ndipo nitaandika jibu hapa chini."

*

Januari alipoingia nyumbani jioni, alikuta meza tupu na mkewe amekaa. Khanga nyeusi ilikuwa magotini pake.

"Mama hajambo," Febronia alisema. "Amefufuka."

Januari alisimama mlangoni hivyo hivyo, kofia mkononi. Hakukuna shingo. Alijikalisha chini kwenye kizingiti, mgongo ukiwa umemgeukia, na akasema akiitazama barabara, kwa sababu hivyo ndivyo alivyoweza.

"Chato."

"Kuna nani Chato?"

"Kabla sijakuoa nilifanya kazi kule, kupakia samaki wakavu. Kulikuwa na msichana, Klara. Nilipokuja Geita sikujua ana mimba. Niliambiwa mwaka tuliooana. Ni mtoto wa kike. Bernadina. Ana miaka sita. Mwezi wa pili alipata surua, wakasema hatapona. Kaka yake Klara, Theonest, alinitumia habari kwa dereva wa lori. Ningekwambia nini? Mimba ya pili ilikuwa imekutoka wiki tatu tu kabla. Ulikuwa hata hujaanza kula. Ningekwambia nakwenda kumwona mtoto wangu?"

Febronia hakulia. Alitamani kulia, kwa sababu machozi yangempa kazi ya kufanya.

"Ulilala wapi?"

"Kwa Theonest."

"Siku kumi?"

"Siku kumi. Nilimbeba mtoto mgongoni. Homa ilipomtoka nikarudi."

"Ana mume, huyo Klara?"

Akaigeuza kofia magotini. "Hana."

Jibu hilo lilimwingia Febronia mbavuni likabaki huko. Mjane wa duka alikuwa na uso, na kicheko, na pengo la meno. Mtu angeweza kumchukia kwa kumwona. Klara hakuwa na kitu ila jina na mtoto. Usiku kucha Febronia alimtengenezea uso. Alimpa macho mazuri. Akampa kiuno. Akampa mikono ya kumpokea Januari mtoto mgongoni, na akampa mambo ya kusema wakati anampokea. Kulipokucha alikuwa amemfanya mwanamke ambaye hakuna mume angemwacha.

Asubuhi Januari alimletea kalamu na karatasi. "Niandikie," alisema kwa unyonge. "Wewe unajua maneno."

"Andika mwenyewe. Uliweza kumuua mama yangu bila msaada."

Ikamchukua muda wa kupika maharage mpaka yakaiva. Febronia alikuwa jikoni, akimwona kupitia mlango: mabega yameinama, ulimi umetoka pembeni kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipomaliza alimletea asome. Ilikuwa mistari mitano, herufi kubwa zilezile. Amesema uongo. Mama mkwe ni mzima. Alikwenda Chato kumuuguza mtoto wake Bernadina, kuanzia tarehe nane mpaka kumi na saba Februari. Anaomba radhi kwa khanga na kwa misa. Chini akaongeza, bila kuombwa: MKE WANGU HAKUJUA.

Febronia alimrekebishia neno moja alilolikosea, kisha akaipeleka yeye mwenyewe, na Januari akimfuata nyuma hatua tatu.

Mama Bujiku aliisoma kwa kidole mpaka mwisho. Athanas barazani alikuwa ameacha cherehani ili asikie vizuri. Mwenye duka akaitia ile karatasi katika mkebe, akafunga kifuniko.

"Mtoto alipona?"

"Alipona, mama."

"Ungeniambia mtoto anaumwa ningekupa siku kumi na tano." Akachukua kalamu, akaandika chini ya barua ya Febronia, taratibu, akitamka kila neno: "Nimeruhusu siku kumi, tarehe 12 mpaka 21 Julai. Bila mshahara, maana za Februari alilipwa. Asiporudi tarehe 22 asubuhi, asirudi tena." Akatia sahihi kwenye nakala zote mbili. Moja akaitia katika mkebe. Ya pili hakumpa Januari. Alimpa Febronia.

"Kaa nayo wewe," alisema. "Na chumvi njoo ununue hapa. Ya yule mzee ina mchanga."

*

Jumamosi tarehe kumi wakahesabu vitu pamoja na Athanas, rafu kwa rafu, na funguo zikakabidhiwa mbele ya Mama Bujiku. Jumatatu wakapata lori lililokuwa likirudi tupu kupitia njia ya Ushirombo. Safari ikawachukua siku mbili, vumbi likiwafanya wote wawili wafanane.

Febronia alipomwona mama yake uani, anapepeta ulezi, alimkumbatia mpaka mama akasema, "We mtoto, umeona nini?" Hakumwambia. Harusi ilikuwa nzuri. Justina alilia ilivyopasa, wajomba wakacheza mpaka vumbi likawafika magotini, na Januari akachinja mbuzi wa pili akiwa mkwe mwenye adabu. Philomena alimsifu mbele ya wote. Januari akainamisha kichwa, na Febronia peke yake ndiye aliyejua kwa nini hakuweza kumtazama yule mama machoni.

Siku ya Jumatatu, wakati wa kufunga mizigo, alimwambia mumewe, "Haturudi moja kwa moja. Tunapita Chato."

Januari alimtazama kwa shukrani, akafungua mdomo.

"Usinishukuru," alisema. "Siendi kwa wema. Nakwenda kumwona."

Na ilikuwa kweli. Hakutaka mumewe aje aende tena peke yake mahali ambapo yeye hajapaona. Alitaka kuujua ule uso. Alivaa lile gauni la kanisani, akajipaka mafuta, na katika lori la marobota ya pamba alikaa wima kama mtu anayekwenda kusikiliza kesi yake.

Walifika Chato Jumanne alasiri. Theonest, mtu mnene mwenye haya, aliwaongoza mpaka kwenye vichanja vya samaki. Mwanamke alikuwa ameinama anageuza dagaa kwa ufagio. Alipoinuka Febronia alimwona: mfupi, mwembamba, ana kovu la moto shavuni, magamba yamemganda mpaka kwenye viwiko. Hakuwa na macho yale wala kiuno kile. Alikuwa mwanamke aliyechoka.

Klara alimtazama Febronia kuanzia kilemba mpaka viatu, taratibu, bila kuficha. Na Febronia akautambua mtazamo ule. Aliujua vizuri, alikuwa ameubeba miezi mingi. Mwanamke huyu naye alikuwa amekesha akimtengenezea uso mke wa Geita, mwenye kusoma na kuandika, mwenye pete.

"Karibuni," Klara alisema, akajifuta mikono kwenye khanga, halafu hakujua aitie wapi.

Mtoto alitoka nyuma ya kichanja na dagaa mdomoni. Alikuwa na masikio ya Januari, yaliyotoka nje kama vishikio vya chungu. Alikwenda kwa baba yake mbio, akamkumbatia miguu. Kisha akageuka, akapiga magoti kidogo kama alivyofundishwa, akamwambia Febronia, "Shikamoo, mama."

Kilichompata Febronia hakikuwa huruma tu. Alikuwa na wivu na mwanamke yule mchovu, wivu mkali kuliko ule wa dukani, kwa ajili ya mtoto aliyetoka tumboni mwake akiwa hai na kupona surua na kula dagaa wabichi. Hakuna barua ambayo ingeweza kuomba kitu kama hicho. Lakini mtoto alikuwa amesimama, magoti yamekunjwa, anangoja jibu, na nyuma yake Klara naye alikuwa anangoja, ameshika ufagio kwa nguvu.

"Marahaba," alisema Febronia. Akachuchumaa. "Unaitwa nani?"

"Bernadina."

"Umekwisha anza shule?"

Mtoto akatikisa kichwa.

Febronia akaokota kijiti, akalainisha mchanga kwa kiganja, na jua likiwa linateremka juu ya vichanja akaanza kumwandikia herufi ya kwanza ya jina lake. Klara alisogea hatua moja ili aone. Kisha akasogea nyingine.